Geti lao nalisifu, ila maziwa ya mwanangu siwasamehe

Naandika hivi mtoto amelala, nami nimetoka kufua nguo zake za leo bila kukuta doa lolote la uji shingoni. Nimeona kile kituo cha kulelea watoto wameanza tena kusambaza tangazo la kuandikisha watoto, na ni lilelile lililonipeleka mimi: picha ya geti, picha ya vitanda, ratiba ya siku nzima na ada chini kwa maandishi makubwa. Jina la kituo sitalitaja. Wanaoishi upande wetu wa Kimara watakuwa wameshalikuta kwenye magrupu.

Nianze na haki yao, maana wanayo. Nilimpeleka Imani kabla hajatimiza miezi minne. Likizo ya uzazi ni siku 84, nikaziunganisha na siku 28 za likizo ya mwaka, zikaisha kama maji. Nafanya kazi Posta. Sheria inanipa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini kwa mtu wa Posta mwenye mtoto Kimara saa mbili hizo zinaishia kwenye mwendokasi. Kwa hiyo nilitafuta mahali ambapo mtoto atakuwa salama, na maziwa yangu yatakuwa salama pia. Tangazo liliahidi vyote viwili. Usalama: mtoto hakabidhiwi kwa mtu asiyeandikishwa. Maziwa ya mama: yanatunzwa kwenye friji. Ada 180,000 kwa mwezi, kujiandikisha 50,000, na ukichelewa kumchukua unalipa 5,000 kwa kila nusu saa.

Hilo la geti ni kweli kabisa. Wana daftari lenye picha na namba ya simu ya kila anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Jioni moja nilikwama kazini nikamtuma shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye hakuwa kwenye daftari. Mlinzi alimkatalia. Shemeji akanipigia simu, mlinzi akakataa hata kuongea na mimi kwenye simu ya shemeji. Alinipigia mwenyewe kwa namba iliyoandikwa daftarini, akaniuliza jina la shemeji na nguo aliyovaa, ndipo akamruhusu. Shemeji alirudi amekasirika. Mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na kesho yake nilimpelekea yule mlinzi maandazi. Kama ningeandika wiki ile, mngesoma sifa tupu.

Sasa maziwa.

Kila asubuhi nilikuwa napeleka chupa nne za mililita 100, zimetoka kwenye friji yangu, zimo kwenye kibegi chenye barafu, kila moja imeandikwa jina na siku. Mwanamke aliyewahi kukamua kazini anajua mililita 400 ni nini. Nilikuwa najifungia stoo ya ofisi mara tatu kwa siku, nimekaa juu ya maboksi ya karatasi, pampu ya mkono mkononi, natega sikio mlangoni. Siku nyingine titi linagoma ukiwa na mawazo, unatoka na mililita 60 unataka kulia. Jioni chupa zilikuwa zinarudi tupu, zimeoshwa. Nikawa namshukuru Mungu kwamba mtoto anakula vizuri.

Jioni moja namwogesha, nikafungua mikunjo ya shingo kama kawaida. Nyuma ya sikio na kwenye mkunjo mmoja palikuwa na kitu kikavu cha rangi ya kahawia, kama ukoko. Nikakilowesha kwa kidole, nikanusa. Karanga. Nilisimama pale na mtoto mkononi, maji yanapoa. Nikajiambia labda dada wa kituo alikuwa na uji mkononi akambeba mtoto. Nikanyamaza, na kunyamaza huko kunaniuma hadi leo.

Haikupita wiki Imani akaanza kuhara. Kliniki nesi aliniuliza anakula nini, nikajibu maziwa yangu tu. Akafungua pampasi, akaangalia, akaniambia kwa upole, "Mama, hiki si choo cha mtoto wa maziwa tu." Akanielekeza: mtoto anayenyonya tu choo chake huwa laini, cha manjano, hakina harufu kali. Kile kilikuwa kizito mahali, maji mahali, kinanuka, na kina chembechembe. Alinipa ORS na zinki, nusu kidonge kwa siku kwa siku 10, akasisitiza niendelee kunyonyesha mara nyingi zaidi. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, na kila kinachoongezwa kabla ya hapo kinaweza kuingiza vijidudu tumboni. Kumbe mwanangu alikuwa anapewa uji wa lishe, wenye soya na karanga, na kijiko sijui kilioshwa wapi.

Sikutaka kwenda kugombana bila ushahidi. Mama yangu mdogo, aliyekuwa anauza samaki wa friza, alinifundisha jambo. Unagandisha maji kwenye kikopo kidogo, unaweka sarafu juu ya barafu, unakirudisha kwenye friza. Umeme ukikatika kwa muda barafu inayeyuka, sarafu inazama. Umeme ukirudi maji yanaganda tena, lakini sarafu imebaki chini inakusimulia. Nilitumia sarafu ya shilingi 100. Nikamwomba dada wa chumba cha wachanga akihifadhi kikopo kwenye friza yao, nikamwambia ni barafu ya kibegi changu. Nilikiweka Jumatatu. Jumatano nikakichukua: sarafu imekaa kwenye kitako cha kikopo na barafu imara juu yake. Mtaani kwetu umeme haukukatika siku zile tatu, na sisi na wao tuko laini moja.

Nilimvuta yule dada pembeni nikamwonyesha. Ni binti mdogo, mpole, na ninamhifadhi hapa kwa sababu alinieleza ukweli wakati angeweza kukana. Alilia kabla yangu. Akasema friji inazimwa kila siku saa nne asubuhi ili luku isiishe haraka, inawashwa alasiri kabla wazazi hawajafika. Maziwa yaliyokamuliwa, kwenye chumba chenye hewa ya kawaida, yanahesabiwa kudumu kama saa nne, na hapo tunaongelea joto la nyuzi 25. Joto la Dar mchana mnalijua. Ikifika saa saba au saa nane chupa zimeanza kunuka uchachu, naye anaogopa kumpa mtoto. Kwa hiyo anayamwaga kwenye sinki, anaosha chupa, anazipanga kwenye kibegi changu. Chupa ya kwanza ya asubuhi tu ndiyo mwanangu alikuwa anainywa. Nyingine tatu zilienda na maji machafu. Mililita 300 kila siku, za stoo, za maboksi ya karatasi.

Na uji je? Hapo ndipo nilipoelewa tangazo lao, na nikajilaumu kwamba sikulisoma vizuri. Ratiba yao inasema hivi: saa mbili uji, saa nne michezo, saa sita chakula, saa saba usingizi, saa kumi matunda. Someni tena. Hiyo ni ratiba ya mtoto anayetembea. Mchanga hana mstari hata mmoja pale, maana mchanga anakula akiona njaa, analala akichoka. Yule dada alikuwa na wachanga sita peke yake. Kumnywesha mchanga mmoja chupa taratibu, umemwinua kichwa, unampa nafasi ya kupumua, halafu unamcheulisha, ni dakika 20. Mara tatu kwa siku ni saa nzima kwa mtoto mmoja. Kwa sita ni saa sita za kunyonyesha tu, bado pampasi, bado kubembeleza, bado anayelia. Haiwezekani. Uji unamshibisha mtoto akalala muda mrefu, na bosi wake ndiye aliyemwelekeza hivyo. Siwezi kumkasirikia binti wa watu aliyeachiwa watoto sita.

Mwenye kituo ndiye niliyemkasirikia. Nilimfuata kwa heshima, nikamsalimia shikamoo maana kanizidi umri, nikaweka kikopo mezani. Hakukiangalia. Akasema, "Mama Imani, ninyi wa siku hizi mnasoma sana kwenye simu. Mimi nimelea watoto kabla wewe hujaolewa, wote walikunywa uji na wako hai." Nikamwambia tangazo lako limesema friji. Akajibu, "Friji ipo, si umeiona?" Halafu, mbele ya wazazi wawili waliokuja kuandikisha, akaongeza kwamba anayetaka mtoto anyonye saa zote akae nyumbani amlee mwenyewe.

Akae nyumbani! Hiyo 180,000 anadhani naokota wapi?

Nikaomba nione cheti cha usajili, maana kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kusajiliwa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inalijua hilo. Akasema kiko kwenye mchakato. Nimeshapeleka maelezo yangu kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, nasubiri. Siku zilizobaki za mwezi hakunirudishia hata senti.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema: mwenye mtoto wa miaka miwili na kuendelea apeleke tu, kwa sababu geti lile hamtalipata pengine kirahisi, na watoto wakubwa uji ni chakula chao. Mwenye mchanga asipeleke, na kokote aendako aombe kufunguliwa friji saa sita mchana, siyo asubuhi, aweke mkono ndani, kisha ahesabu wachanga na ahesabu akina dada. Lakini kadiri ninavyoandika naiona ile sura yake akisema friji ipo, si umeiona, na najiuliza mtu anayeweza kusema hivyo usoni kwa mama, nyama ya mchana ya watoto wakubwa anaihifadhi wapi kuanzia saa nne? Si kwenye friji hiyohiyo?

Wifi yangu ana mtoto wa miaka miwili na nusu, na tangazo lile lile limemfikia. Juzi nilimwambia apeleke. Leo asubuhi nimempigia nikamwambia asubiri kwanza, na nimemwazima sarafu yangu.