Alumini, stenlesi au chuma kizito? Uzoefu wangu kwenye seredani

Mimi napikia makaa kila siku, gesi ninayo ila ya chai tu, kwahiyo haya ni ya seredani, wa gesi msinilaumu. Sufuria zote tatu nazitumia na nazipima kwa wali wa nazi maana ndo unaoumbua sufuria.

Wali kazi yake iko mwisho. Tui likishakauka unapunguza makaa chini, unafunika, unapalia makaa juu ya mfuniko. Hapo alumini nene haina mpinzani (nene nasema, sio zile ukibonyeza kwa kidole zinaingia ndani), moto unaenea haraka, hata makaa yakijikusanya upande mmoja kitako chote kinapata, na ukipunguza makaa nayo inapunguza, ukoko unatoka mwembamba rangi moja.

Stenlesi yangu ni nyembamba, inang'ara kweli, lakini moto unabaki pale pale makaa yalipo, ukiepua unakuta duara jeusi katikati na pembeni punje bado ngumu. Unaponunua geuza uangalie kitako, zile zenye kitako kinene kilichotiwa alumini ndani ni afadhali sana. Na mfuniko wa kioo usithubutu kuupalia, utapasuka wali ujae vigae.

Chuma ni kizito balaa, kinachelewa kupata moto na makaa kinakula, ila kikishashika hakiachi. Ukitoa makaa wakati ule ule wa alumini wali unaendelea kuiva wenyewe mpaka ukoko unakuwa kama ubao, kwahiyo toa mapema. Mimi nakiachia kukaangia samaki, mafuta hayapoi ukitia vipande vipya. Halafu na huu upepo wetu wa bahari, ukikiosha ukakiacha na maji asubuhi kina kutu, lazima ukikaushe juu ya moto na ukipake mafuta kidogo.

Sasa mchuzi wa ukwaju au wa embe mbichi mambo yanageuka, hapo stenlesi ndo mwenyewe. Ukali unakula alumini. Mmeona sufuria iliyofanya weusi ndani kwa kuchemshia maji, ukipika cha ndimu inatakata? Ule weusi haujapotea, umeingia kwenye mchuzi! Kupika ukapakua mara moja sio kitu kikubwa, tatizo ni kuulaza humo mpaka kesho, na ukiwa na chumvi ndo vinatoka vile vishimo vidogo vidogo. Kwenye chuma nao unakuwa mweusi na ladha ya msumari.

Kingine, alumini za kuyeyushwa mtaani kutokana na vyuma chakavu mimi sinunui, hujui kimeyeyushwa nini humo na madini ya risasi yanaweza kuwemo, na kwa macho huyajui.

Mwenye hela ya moja tu achukue alumini nene ya kiwandani, mchuzi wa ukwaju aupikie chungu.