Miaka mitatu na cheti cha mfanyabiashara aliyeidhinishwa: kinachoharakishwa na kisichoharakishwa

Wenzangu wanaouza nje huniuliza swali lilelile: ukishapata kile cheti cha forodha, mzigo unatoka haraka kweli? Unatoka. Ila haraka yenyewe haiko pale nilipoitafuta mwanzoni, na kuna milango ambayo cheti hakiifungui kabisa.

Sisi tunatengeneza vipuri vya pampu za maji. Ndani ya kontena kuna magamba ya chuma, shafti, impela na gasketi za mpira. Kwa kawaida hutoka kontena moja la futi 40 kila wiki, na mwenye jukumu la kuhakikisha linapanda meli ni mimi. Mwaka huu ni wa tatu tangu tupate hadhi ambayo kwenye cheti imeandikwa AEO. Asili yake ni mfumo wa SAFE wa Shirika la Forodha Duniani, uliopitishwa mwaka 2005, na makubaliano yake ukiyavua maneno ya kiofisi ni haya: fungua vitabu na ghala lako tulikague sasa, tutakusumbua kidogo huko mbele.

Kabla ya hapo wiki yetu ilipangwa na hofu. Meli yetu hufunga kupokea makontena Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Kupakia huchukua muda wa saa nne, na safari hadi bandarini saa tano. Kwa hesabu hiyo ningepakia Jumatano na kulala usingizi. Sikuthubutu; tulipakia Jumatatu, na sababu ilikuwa rangi. Wakala wetu wa forodha akishatuma tamko la mzigo, mfumo wa forodha hulipima kwa vigezo vya hatari na kulipa rangi. Kijani, umeruhusiwa. Njano, makaratasi yanasomwa na ofisa. Nyekundu, mzigo wenyewe unafunguliwa. Nyekundu ya bandarini aliyeionja haisahau: kontena linasogezwa eneo la ukaguzi, linapanga foleni, sili inakatwa, kreti zinashushwa na watu ambao hawakuzipanga, kisha zinarudishwa ndani kila moja ikitazama upande wake. Sisi ilitupata kama mara moja katika matamko sita au saba, na hakuna aliyeweza kutuambia ni lini. Kwa hiyo kila wiki tulitenga siku mbili kwa ajili ya balaa linalotokea mara moja kwa mwezi na nusu.

Siku hizo mbili ndizo tulizorudishiwa. Sasa wakala hutuma tamko Jumanne mchana, na hadhi yetu imefungwa kwenye nambari yetu ya usajili, hivyo mfumo unatushushia alama za hatari. Mengi hutoka kijani. Mengine hutoka bluu, rangi ambayo baadhi ya mifumo inayo, maana yake peleka mzigo sasa, vitabu tutakuja kuvikagua baadaye. Jibu huwa limefika kabla lori halijarudi nyuma kwenye jukwaa letu la kupakia. Tunapakia Jumatano asubuhi, na Alhamisi alfajiri kontena liko langoni.

Nyekundu haijafa. Mfumo bado unachomoa baadhi ya matamko kwa bahati nasibu, na hapo aliyeidhinishwa na asiyeidhinishwa ni sawa. Tofauti ni mahali na foleni. Mwaka jana zilitupata mbili, na zote mbili ofisa alikuja ghalani kwetu wakati wa kupakia. Mara ya kwanza alichagua kreti mbili kati ya kumi na nane, akahesabu shafti, akalinganisha uzito na orodha ya vifurushi, akasimama kuangalia milango ikifungwa. Hakuna kilichoshushwa mara ya pili. Kabla ya adhuhuri lori lilikuwa njiani.

Ukitaka kujua utapewa nini unakofanyia kazi, usitosheke na kipeperushi. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, una orodha ya nafuu saba, na nchi mwanachama inatakiwa kutoa angalau tatu kati ya hizo. Tatizo ni kwamba kadhaa zinamfaa zaidi mwagizaji kuliko sisi. Kuahirisha kulipa ushuru, kwa mfano, ni neema kwa anayeingiza. Muuzaji nje ambaye bidhaa zake hazitozwi ushuru wa kutoka hana cha kuahirisha. Mimi nilipokaa na ofisa wa mpango niliuliza mambo mawili tu: ukaguzi wa mwili wa mzigo unapungua, na ukitokea unaweza kufanyika kwangu? Akijibu hapana yote mawili, fikiria tena kabla ya kujaza fomu.

Na fomu zenyewe si mchezo. Ilituchukua miezi saba, na mingi kati ya hiyo iliishia kwenye gasketi. Dodoso la kujitathmini linauliza historia ya utiifu wako, kwa hiyo kabla ya kulituma tulipitia matamko yetu ya miaka mitatu. Tukakuta gasketi za mpira tumekuwa tukizitamka pamoja na vipuri vingine vya pampu, chini ya msimbo wa forodha wa HS 8413.91. Inaonekana sahihi, maana ni vya pampu. Lakini maelezo ya Sehemu ya XVI ya jedwali la uainishaji yanaitoa nje mipira laini ya mitambo na kuirudisha 4016, na gasketi zina nafasi yake pale, 4016.93. Ushuru haukubadilika hata senti. Takwimu ndizo zilizokuwa mbovu, na tamko lilikuwa si la kweli hata kama hatukukusudia.

Ndani ya kampuni kulikuwa na waliotaka tunyamaze, turekebishe kimyakimya kuanzia mzigo unaofuata. Tuliandika barua, tukaambatanisha orodha ya matamko yote yenye kosa, tukaeleza tumekosea wapi na nani sasa anahakiki. Mkaguzi alipokuja alianza na barua ile. Alichukua ankara moja aliyoichagua mwenyewe, akataka aione safari yake yote: oda ya mteja, karatasi ya kutoa mali stoo, orodha ya vifurushi, tamko, hati ya shehena, malipo benki. Hapo ndipo nilipoelewa wanachopima. Kukosea wanajua utakosea. Wanataka kuona kama una namna ya kujikamata.

Upande wa usalama nao una mambo yake. Kontena tupu likifika, mlinzi wetu hulikagua sehemu saba: chini ya chasi, milango nje na ndani, ukuta wa kulia, wa kushoto, wa mbele, dari na sakafu. Anagonga kuta akisikiliza mlio, na anapima urefu wa ndani kwa futi ya kamba. La futi 40 linatakiwa kutoa kama mita 12; likipungua kwa kiasi cha kuonekana, huenda kuna ukuta wa bandia. Likishapakiwa linafungwa sili ya boliti yenye alama ya H, daraja la juu katika kiwango cha ISO 17712. Sili hutazamwa, nambari yake hulinganishwa na karatasi, kisha huvutwa kwa nguvu na kuzungushwa, kwa sababu boliti iliyochezewa mara nyingi hufunguka kama kifuniko cha chupa.

Hapo ndipo tulipojikwaa wenyewe. Mwaka wa kwanza, karani wetu aliandika nambari ya sili kwa mkono, na 7 yake ilisomeka 1. Wakala akaiingiza hivyohivyo. Mzigo ulikuwa kijani, makaratasi safi, lakini langoni nambari ya kwenye boliti ikakataa kufanana na ya kwenye mfumo. Kwa asiyeidhinishwa hilo lingekuwa kosa la uandishi. Kwa sisi, ambao tumeaminiwa kufunga kontena bila ofisa kuwepo, sili isiyofanana maana yake huenda kuna aliyelifungua njiani. Lilizuiwa hadi usiku, na baadaye tukatakiwa kueleza kwa maandishi. Tangu siku ile nambari haiandikwi: inapigwa picha ikiwa kwenye mlango, wakala anaisoma kwenye picha, na mtu wa pili anailinganisha kabla tamko halijatumwa.

Nilichotarajia kikachelewa zaidi ni faida ya upande wa pili wa bahari. Forodha za nchi mbili zikitia saini makubaliano ya kutambuana, kama Marekani na Nyuzilandi walivyotangulia kufanya mwaka 2007, mzigo wa aliyeidhinishwa upande huu unapimwa kwa hatari ndogo upande ule pia. Yetu inatambuana na ya mteja wetu mkubwa. Lakini hakuna kinachojituma chenyewe. Nambari yetu ya utambuzi lazima iingizwe kwenye tamko la uagizaji na wakala wa mteja, na jina na anwani vifanane na vilivyosajiliwa. Miezi minne mteja aliendelea kulalamika kuhusu ukaguzi. Nikamwomba anitumie nakala ya tamko. Ile sehemu ilikuwa wazi. Wakala wake hakuwa na habari kwamba ipo, na mimi sikuwahi kumwambia. Sasa nambari iko kwenye kila ankara, chini ya jina letu.

Mzigo wa kuchanganya pia hauna nafuu. Zipo wiki tunazokuwa na kreti tatu tu, zikaingia kontena moja na mali za wengine. Mmoja wao akipata nyekundu, kontena zima linafunguliwa, na cheti chetu kinakaa ndani ya faili kikisubiri kama sisi.

Kama ningekipa cheti hiki nyota, ya mwisho ningekinyima kwa sababu ya mbao. Cheti ni cha forodha. Mamlaka ya afya ya mimea hakiijui. Kreti zetu hukaa juu ya paleti za mbao, na chini ya kanuni ya ISPM 15 mbao hizo zinatakiwa ziwe zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30 mfululizo, na ziwe na muhuri unaoonyesha hivyo. Msambazaji alituletea paleti nne zisizo na muhuri na hakuna aliyeziona. Tamko lilikuwa kijani, sili sahihi, picha ipo, na kontena likakaa siku sita bandari ya mwisho likisubiri paleti zibadilishwe kwa gharama yetu. Fomu ya mlinzi ya sehemu saba sasa ina mstari wa nane, wa muhuri wa paleti, na anautia tiki akiwa ameinama na tochi kabla kreti ya kwanza haijaingia.