Uzoefu wangu: studio iliyomrudishia mama yetu uso wa majivu

Studio hii siipendekezi kwa mtu yeyote anayefunga ndoa na kufanya sherehe yake usiku katika ukumbi wenye taa za rangi. Jina lake silitaji, kwa kuwa mdogo wangu aliyeolewa ameniomba nisilete ugomvi, na yeye ndiye anayelipa. Picha za kanisani walizipiga vizuri, na za bustanini pia, kwa hiyo sizizungumzii. Ninazungumzia picha moja ya ukumbini, ile ambayo bibi harusi anamlisha mama yetu keki, kwa sababu ndiyo picha ambayo mama aliiulizia tangu siku ya sherehe, na ndiyo iliyokuja kwenye albamu ikiwa imeharibiwa kwa namna ambayo mimi, ninayepata riziki yangu kwa kupiga picha za matukio mjini Morogoro, siwezi kuivumilia.

Uso wa mama ulikuwa wa kijivu, kama majivu ya jikoni. Tena ulikuwa umepauka, wakati mama yetu ni mweusi wa kung'aa, na mistari iliyo pembeni mwa mdomo wake, ambayo sisi watoto wake wote tunaijua, ilikuwa imefutika. Mama aliitazama picha hiyo kwa muda, kisha akauliza kama hospitali ingemlaza mtu mwenye rangi ile.

Nilikwenda studio mwenyewe. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta hakuinua hata macho. Aliniambia, "Kaka, ukumbini taa zilikuwa za zambarau. Ulitaka mama atoke na rangi gani?" Nilimjibu kwamba nilitaka atoke na rangi yake. Akacheka na mwenzake. Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niwaombe faili za RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyozinasa, ambazo walinipa kwa kusuasua baada ya mdogo wangu kuwapigia simu, na ndicho kilichonifanya nikae usiku kuchunguza walichokifanya.

Kwanza niwatendee haki: taa za ukumbi ule zilikuwa adui wa ngozi. Taa za LED za jukwaani hazifanani na balbu ya kawaida, ambayo ndani ya mwanga wake mna rangi zote hata kama umeelekea njano. Taa ya LED ya zambarau huwa ni vijitaa vyekundu na vijitaa vya buluu vilivyowashwa pamoja, huku vile vya kijani vikiwa vimezimwa. Kwa hiyo hakuna mwanga wa kijani unaoufikia uso kutoka kwenye taa ile, na kile ambacho hakikuufikia uso hakiwezi kurudi kwenye kamera. Mama aliponea chupuchupu kwa sababu meza ya keki ilikuwa na balbu ndogo za njano zilizopambwa kuizunguka, nazo zikamrushia kijani kidogo.

Kidogo hicho kinaonekana kwa namba. Ukifungua picha kwenye Lightroom, programu ya kusafishia picha, na kuweka kishale juu ya ngozi, chini ya grafu ya rangi hutokea herufi R, G na B pamoja na asilimia zake, yaani nyekundu, kijani na buluu. Ngozi ya binadamu ikimulikwa na mwanga mweupe, iwe nyeusi au nyeupe, nyekundu huwa juu, kijani hufuata na buluu huwa chini. Shavu la mama katika picha ya kanisani lilisoma 48, 34 na 26. Shavu hilohilo ukumbini, kwenye faili la RAW, lilisoma 61, 14 na 83. Mpangilio umevurugika, lakini kati ya rangi hizo tatu, ambazo mafundi tunaziita chaneli, hakuna iliyokufa: kijani ni hafifu ila kipo, na buluu iko juu ila haijagonga 100. Mtu anayeijua kazi akiziona namba hizo hushukuru, maana uso huo unatengenezeka.

Sasa tazameni walichokifanya. Waliacha RAW wakatumia JPEG, picha iliyokwisha kubanwa, ambayo kila chaneli yake ina ngazi 256 tu, ilhali RAW ya kamera nyingi za kisasa ina ngazi 4,096 au 16,384. Kwenye JPEG yao buluu ya paji la uso ilikuwa imeshagonga 100, kwa hiyo umbo la paji lilikuwa limepotea kabla hawajaanza. Kisha wakapunguza ukolezi wa rangi usoni hadi zambarau ikatoweka. Hapo ndipo majivu yalipozaliwa. Niliposoma shavu kwenye picha yao nilikuta 57, 56 na 58, namba tatu zinazokaribia kulingana, na hiyo ndiyo maana halisi ya kijivu. Kuondoa zambarau si sawa na kurudisha kahawia. Kahawia lazima iwekwe na mtu, haiji yenyewe.

Kupauka nako kuna sababu. Katika picha ya ngozi, chaneli nyekundu ndiyo laini na ndiyo inayong'aa zaidi, wakati mikunjo, vivuli na umbo la uso hukaa zaidi kwenye kijani. Uso ukimulikwa na taa isiyo na kijani, kisha ukafutiwa rangi, unabaki na mwanga wa nyekundu na buluu tu: mweupe, bapa, bila mistari. Mwanzoni niliamini kwamba walimlainisha ngozi makusudi. Baada ya kuzisoma chaneli sina uhakika tena na shutuma hiyo, ingawa hasira yangu haijapungua, kwa sababu mtu anayefuta mistari ya mama wa watu bila kujua kwamba anaifuta ni wa hatari kuliko anayejua.

Mimi nilifanya hivi. Niliacha ukumbi ubaki na zambarau yake, kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa, na ukijaribu kusahihisha picha nzima kwa kubofya gauni jeupe la bibi harusi, vitelezi vya `Temp` na `Tint`, vya kusawazisha rangi ya mwanga, hukimbilia mwishoni mwa reli na ukuta wa nyuma unageuka kijani cha kutisha. Nilipunguza kidogo mwangaza wa picha, kisha kwenye paneli ya `Calibration` nikashusha ukolezi wa `Blue Primary` hadi karibu -50, ili ile zambarau inayochoma ipungue makali bila kufa. Baada ya hapo nikauchagua uso na shingo peke yake, nikausogeza kuelekea njano na kijani hadi shavu likasoma nyekundu juu na namba mbili zinazofuata zikaanza kukaribiana. Nikaishia hapo, maana kusukuma zaidi kulileta chembechembe za kijani kwenye vivuli, kwani kile kijani cha asilimia 14 kilikuwa kinakuzwa pamoja na kasoro zake.

Sehemu iliyobaki niliimaliza Photoshop. Nilifungua picha ya kanisani, nikachukua rangi ya shavu la mama, si ya paji wala ya pua kwa sababu huko kuna mng'ao, nikaipaka juu ya uso wa ukumbini kwenye tabaka jipya lililowekwa katika hali ya `Color`, ambayo hubadilisha rangi na kuacha mwanga na kivuli vilivyokuwepo. Nguvu ya tabaka niliishusha hadi asilimia 40, kwa sababu ikiwa 100 uso unaonekana umepakwa rangi ya ukuta. Meno na weupe wa macho niliviondoa kwenye tabaka hilo. Watu wengi husahau hapo, na ukiona bibi harusi wa ukumbini mwenye meno ya kahawia, ujue fundi alipaka akapitiliza.

Ilibaki ming'ao. Jasho na mafuta ya uso hurudisha mwanga wa taa jinsi ulivyo, bila kuuchanganya na rangi ya ngozi, na kwenye ngozi nyeusi ming'ao hiyo huonekana wazi zaidi. Ngozi ya mama ilikuwa imerudi kahawia huku ncha ya pua na paji vikiwa na madoa ya zambarau. Hayo hayahitaji kahawia. Yanahitaji kupunguziwa ukolezi mpaka yakaribie weupe, kwani mng'ao wa kawaida ni mweupe. Shavu lilimalizikia kwenye 50, 34 na 30. Si kanisani kabisa, na sikutaka iwe hivyo: mtu aliyesimama kwenye ukumbi wa zambarau akiwa na uso wa mchana huonekana amekatwa kwingine na kubandikwa. Mistari ya mdomo imerudi, kwa sababu ilikuwepo muda wote kwenye kijani.

Ningependa kuishia hapa na hukumu yangu ileile, lakini kuna picha ya baba. Alisimama kutoa nasaha wakati fundi wa taa alikuwa ameamua ukumbi wote uwe buluu tupu, na kwenye albamu picha hiyo ilikuja nyeusi na nyeupe. Nilikuwa nimeiandika kwenye orodha ya makosa yao kwamba ni uvivu. Nilipofungua RAW, uso wa baba ulisoma 2, 6 na 71. Hapo hakuna fundi duniani wa kurudisha rangi. Ukiikuza nyekundu ya 2 unapata mchanga, na kwa kuwa kwenye sensa ya kamera ya kawaida, kile kipande kinachopokea mwanga, ni robo tu ya vijicho vyake inayopokea buluu, hata ukali wa picha unapungua. Njia ya heshima ni kuchukua chaneli moja yenye uhai na kutengeneza picha isiyo na rangi, na wao waliifanya kwa ustadi ambao nakiri nisingeufikia: kope za baba zinahesabika.

Kwa hiyo si wajinga. Nilitaka kuwapandisha daraja kwa ajili ya picha hiyo, kisha nikakumbuka kwamba mtu aliyeweza kuzisoma namba za baba aliweza pia kuzisoma za mama, ila za mama zilidai nusu saa ya kupaka kwa mkono na za baba hazikudai. Vilevile mpiga picha wao alikuwa na flashi kwenye begi, na dari ya ukumbi ilikuwa imepambwa kwa vitambaa vyeupe. Angeielekeza flashi juu, vitambaa vingemrudishia mama mwanga mweupe laini wenye kijani ndani yake, na kwa kasi ya shata ya 1/60 zambarau ya nyuma ingebaki bila kupotea. Hakufanya hivyo, na aliyemfuata kwenye kompyuta akacheka.

Anayetaka kuwatumia awatumie kwa kanisani. Kwa ukumbini, adai RAW kabla ya kumaliza malipo, aweke kishale juu ya shavu la mzazi wake, na wakimpa namba tatu zinazolingana asisaini kupokea albamu. Sisi bado tuna salio la mwisho hatujalilipa, na tumewaambia kwamba ukurasa wa keki lazima uchapwe upya, kwa faili langu kama lao limewashinda.