Seti ya ndani ya sisteni ya vitufe viwili: kuichagua Kisumu kwa picha za choo

Seti yenyewe ni ya plastiki nyeupe. Boksini mna valvu ya kujaza maji, valvu ya kuflashi yenye vitufe viwili, raba nene inayokaa kati ya sisteni na bakuli, na bolti mbili. Niliinunua hadiwea moja upande wa Kibuye kwa shilingi 1,350. Choo kilikuwa Kondele, na dukani nilienda na picha za simu pamoja na vipimo. Sehemu ya kuflashi naisifu bila wasiwasi. Valvu ya kujaza inategemea tangi la nyumba liko juu kiasi gani.

Kwanza picha ikuambie ni kipande gani kibovu. Toa mfuniko, piga ndani ya sisteni kutoka juu wakati hakuna aliyeflashi kwa muda. Maji yakiwa yanamwagikia ndani ya bomba la kufurikia, valvu ya kujaza haifungi. Kama yamebaki chini ya mdomo wa bomba hilo na bado bakuli linatiririka, funga koki ndogo ya ukutani, chora mstari wa penseli kwenye usawa wa maji, ungoje nusu saa. Yakishuka na sakafu ni kavu, raba ya chini ya valvu ya kuflashi ndiyo inayovujisha, na hapo huna haja ya seti nzima. Kondele maji yalikuwa yanafurika, na kijiti cha kitufe kimoja kilikuwa kimekatika. Ndiyo sababu ya kuchukua boksi zima.

Picha ya pili ni ya sisteni kwa nje, chini na ubavuni, ionekane maji yanaingilia wapi. Muuzaji atakwambia, "Fundi, hii inaingia sisteni zote." Haiingii. Valvu ya kuingilia chini haikai kwenye tundu la ubavuni, hata kama uzi wa zote mbili ni inchi nusu. Sisteni iliyokaa moja kwa moja juu ya bakuli kwa kawaida hutumia valvu ya kuflashi ya inchi 2. Ile ya plastiki iliyo ukutani, yenye bomba la kushukia, mara nyingi ni inchi 1½.

Tepu ya kupimia iwemo kwenye picha, lakini ilale usawa mmoja na kitu unachopima. Ukiishika juu, karibu na kamera, namba zitakudanganya, na kipenyo kitaonekana kidogo kuliko kilivyo. Kwa kina cha sisteni usitegemee picha kabisa. Shusha tepu hadi sakafu yake na uandike. Ya Kondele ilikuwa sentimita 34 kutoka sakafu hadi chini ya mfuniko, na tundu la kitufe milimita 40. Boksi lilifunguliwa kaunta tukapima: shingo ya kitufe milimita 38, na valvu inarefushwa na kufupishwa kwa kubonyeza klipu. Bomba lake la kufurikia lazima libaki chini ya tundu lolote lililo wazi ubavuni, kama lile la mpini wa zamani, la sivyo maji yatatokea hapo kabla ya kuingia bombani.

Sasa valvu ya kujaza. Boksi liliandikwa shinikizo la 0.05–0.8 MPa. Hiyo 0.05 ni sawa na maji yaliyosimama mita 5 juu ya choo. Usawa wa maji wa tangi la Kondele uko kama mita 3 tu juu ya sisteni. Valvu ya aina hii hufungwa na utando unaosukumwa na shinikizo la maji yenyewe, kwa hiyo shinikizo likiwa dogo hujaza polepole na huenda isifunge vizuri. Nilimlipa muuzaji nyongeza, akanipa valvu ya mkono na boya yenye tundu kubwa, ya shinikizo dogo. Hiyo nayo inataka nafasi: mkono usiguse valvu ya kuflashi unaposhuka. Nyumba inayopata maji ya bomba moja kwa moja kwa kawaida haina shida hii.

Ukibaki na valvu ya utando, osha kichujio kidogo kilicho kwenye shina lake, hasa baada ya maji kukatika na kurudi yakiwa na tope. Tundu dogo la utando likiziba, valvu haifungi, na wengi hununua nyingine bure.

Wakati wa kufunga, raba ya shina la valvu hukaa ndani ya sisteni na nati nje. Kaza kwa mkono, kisha robo ya mzunguko kwa spana, basi. Kauri haivumilii zaidi. Bolti mbili zile kaza kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, sisteni isiinamie upande mmoja.

Kasoro ya mwisho: raba ya kuflashi ya seti hii haiuzwi peke yake pale dukani. Zipo za rejareja za silikoni. Chora ya zamani kwenye karatasi, duara la nje na la ndani, uende na karatasi hiyo pamoja na raba yenyewe.