Programu za usingizi na tafakuri: nilizolipia, nilizofuta, na zilizobaki kwenye simu

Mimi ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Kazi yetu ina tarehe mbili zinazoniondolea usingizi kila mwezi: tarehe 7, ukomo wa kuwasilisha PAYE, na tarehe 20, zamu ya ritani za VAT. Katikati yake kuna makontena yaliyokwama, wateja wasiojua kuwa kuna usiku, na bosi ambaye ujumbe wake wa WhatsApp unaingia saa nne usiku ukiwa na neno moja tu: "Upo?" Mwili unalala, kichwa kinaendelea kujumlisha. Ndiyo maana simu yangu imepitiwa na karibu kila programu ya usingizi na tafakuri inayotajwa tajwa, za bure na za kulipia. Hapa nasema hela ilikwenda wapi na ilirudisha nini.

Nianze na kile kinachopigiwa debe kuliko vyote, kipima usingizi. Unaweka simu juu ya godoro au kando ya mto, asubuhi unaletewa mchoro wa mawimbi: hapa ulilala usingizi mzito, hapa mwepesi, hapa uliota, na juu yake alama kwa asilimia. Unavutia kuutazama. Tatizo ni kwamba hatua za usingizi hupimwa hospitalini kwa nyaya zinazobandikwa kichwani kusoma umeme wa ubongo, pamoja na mwendo wa macho na misuli. Simu haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina kihisi cha mtikisiko na maikrofoni, basi. Inahisi godoro limetulia, inakisia kuwa umelala. Ukiwa umelala chali unaiwaza ritani bila kujigeuza, kwake hiyo ni usingizi. Na kama kitandani mko watu wawili na mtoto katikati, na feni inavuma, sijui inampima nani.

Usiku mmoja niliiacha simu kitandani ikipima, nikaenda sebuleni kumalizia hesabu hadi karibu na adhana ya alfajiri. Asubuhi programu ile ikanipongeza kwa usingizi mzito uliotulia. Mke wangu aliusoma mchoro, akacheka: "Baba Neema, hapa aliyelala ni simu." Kwa hiyo kipengele hicho sikilipii. Kinachoweza kukufaa ni saa ya kulala na ya kuamka, na hizo unaziandika mwenyewe kwa kalamu.

Kuna ubaya mwingine wa zile alama. Ukiambiwa umelala asilimia 58, unakwenda kazini umeshajihukumu kuwa umechoka, hata kama uliamka vizuri. Madaktari wa usingizi wanawaona watu wa namna hii, wanaokosa usingizi kwa kuukimbilia usingizi mkamilifu wa kwenye kioo cha simu. Zile hesabu za "umetafakari siku kadhaa mfululizo, usikatishe" naziweka kapu hilo hilo. Mtu anayefukuzwa na tarehe za kodi hahitaji tarehe nyingine ya kumfukuza.

Sasa sauti. Hapa ndipo wengi wetu tunaanzia: mvua, bahari, mvumo wa feni. Zinasaidia, hasa kama jirani ana baa. Lakini piga hesabu ya bando. Sauti ya kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 58 kwa saa, kwa hiyo mvua ya saa nane inakaribia MB 460 kila usiku. Bando la wiki linaisha Jumatano. Ndiyo maana kupakua sauti na kuisikiliza bila intaneti ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo nakubali kuvilipia. Siyo bando peke yake, ukishapakua unaweza kuzima data, na bosi na "Upo?" yake anabaki nje ya chumba. Ila kwa mvua peke yake usilipe. Faili moja ya mvua iliyopakuliwa mara moja inatosha maisha, na feni ya mezani inafanya kazi ile ile.

Angalia pia sauti inavyokwisha. Nzuri hupungua taratibu hadi kimya. Programu moja ya bure niliyokuwa nayo ilikata mvua ghafla, kisha likaingia tangazo la kubeti kwa sauti ya juu kabisa, mtoto akaamka, nyumba nzima ikaamka. Watu husema basi lipia uondoe matangazo. Mimi nasema kabla ya kulipa jaribu Medito, ambayo inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida, haina matangazo wala usajili wa kulipia. Insight Timer nayo ina maktaba kubwa mno ya bure na kengele ya kupimia muda wa tafakuri. Ukitaka kupakua ndipo unaingia kwenye daraja la kulipia.

Za majina makubwa ni Calm na Headspace. Calm inajulikana kwa hadithi za kulalia, Headspace kwa kozi zilizopangwa za kumfundisha mtu kutafakari toka mwanzo. Kozi ya mwanzo ina thamani ya kweli. Kukaa dakika kumi ukifuata pumzi, kuona wazo la kontena limekuja, kuliacha lipite bila kulifungulia faili, ni ufundi, na mwalimu anayekupeleka hatua kwa hatua anakuokolea muda. Lakini ukishaujua, umeujua. Kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, au kuupitia mwili kuanzia vidole vya miguu hadi paji la uso ukilegeza kila mahali, hakuhitaji sauti ya mtu mwaka mzima. Kwa hiyo kozi nalipia mwezi mmoja, siyo mwaka, hata kama mwaka unaonekana nafuu ukiugawanya kwa kumi na mbili.

Hadithi za kulalia ni suala la mtu na mtu. Nilizozisikiliza zote zilikuwa za Kiingereza, na kichwa changu kikisikia Kiingereza usiku kinajiona kiko kikaoni. Kinategea neno kisilolijua. Mke wangu yeye hafiki dakika ya tano.

Kilichonirudishia usingizi hakikuwa kwenye orodha ya vitu vya kulipia. Kinapatikana kwenye Insomnia Coach, programu ya bure iliyotengenezwa na idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu, lakini yeyote anaweza kuitumia. Haina mandhari nzuri, na ni ya Kiingereza. Ndani yake kuna shajara ya usingizi na mafunzo yanayotokana na tiba ya kubadili mazoea na fikra kuhusu usingizi, ambayo mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kiliipendekeza iwe tiba ya kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu la kukosa usingizi, kabla ya vidonge.

Inavyofanya kazi ni hivi, kwa hesabu zangu mwenyewe. Kila asubuhi unajaza: ulipanda kitandani saa ngapi, ulichukua muda gani kusinzia, usiku ulikaa macho kiasi gani, uliamka saa ngapi. Unakadiria tu, hutazami saa usiku. Baada ya wiki unapata wastani. Wangu ulikuwa kupanda kitandani saa nne usiku na kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, yaani dakika 450. Dakika 70 zilikwenda kusubiri usingizi, 65 nyingine macho katikati ya usiku. Zinabaki 315 za kulala. Gawa 315 kwa 450, unapata asilimia 70. Inayolengwa ni 85 na kuendelea.

Dawa yake inashangaza: unapunguza muda wa kukaa kitandani. Saa ya kuamka haibadiliki, hata Jumapili. Kwa kuwa nililala saa tano na robo, nilijipa saa tano na nusu za kitandani, kwa hiyo hapandi mtu kitandani kabla ya saa sita usiku. Hairuhusiwi kushuka chini ya saa tano. Ukikaa macho kitandani kwa kama dakika 20 hivi, unatoka, unakaa sehemu nyingine yenye mwanga hafifu, unarudi usingizi ukikuita. Lengo ni kitanda kiache kuwa ofisi ya pili. Saa mbili zile za kusubiri, kuanzia saa nne hadi saa sita, ndipo tafakuri ilipopata kazi yake: kwenye kiti, siyo kitandani.

Wiki ya kwanza ni ngumu, nilikuwa nasinzia kwenye daladala nimesimama. Kisha shajara ikaanza kusoma dakika 290 za usingizi kati ya 330, asilimia 88. Hapo unajiongezea dakika 15, mimi nikapanda saa sita kasorobo, na wiki inayofuata unapima tena. Anayeendesha gari au bodaboda kwa kazi, mwenye kifafa au ugonjwa wa hisia unaompandisha na kumshusha, asijaribu hili bila daktari. Na anayekoroma kwa nguvu hadi pumzi inakatika kisha anashtuka, huyo shida yake iko kooni. Aende hospitali, asinunue programu.

Kuhusu malipo, siku za kujaribu bure huanza baada ya kuweka kadi, na zikiisha wanakata ya mwaka mzima. Kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Kwa Android ingia Google Play, gusa picha yako, chagua `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`, gusa programu unayotaka kusitisha, kisha `Cancel subscription`. Mimi nafanya hivyo siku ile ile ninayojiunga, na kwa kawaida muda wa majaribio unaendelea hadi uishe. Kwa sasa kwenye simu yangu imebaki shajara, Medito, na faili moja ya mvua.