Nilivyojifungua katika kituo cha afya hapa Mombasa: uzoefu wangu

Nilifika saa nane usiku kwa tuktuk, nikiwa na wifi yangu, uchungu ukija kila baada ya dakika 5. Mkunga alipokea kitabu changu cha kliniki, akanipima presha na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwanza, na hilo lilinituliza. Hata hivyo, meza ya mapokezi iko kwenye ujia uleule wenye benchi la wanaosubiri, kwa hiyo nilipoulizwa kama nimewahi kuharibikiwa na mimba, nilijibu mbele ya mume wa mtu.

Chumba cha kujifungulia kina vitanda vitatu vilivyotengwa kwa mapazia. Kitanda changu kilielekeza miguu mlangoni na pazia halikufika mwisho wa reli, hivyo kila mlango ulipofunguliwa, aliyepita ujiani aliweza kuniona. Nilipopimwa njia mara ya kwanza ilikuwa sentimita 5, na nilipopimwa tena baada ya saa 4 ilikuwa 8. Mara zote mbili wifi yangu alisimama akatanda leso yake kunisitiri. Nilimuuliza mkunga kwa nini kitanda kisigeuzwe, akanieleza kwamba taa ya kuzalishia imefungwa ukutani upande ule.

Kuhusu usafi wa mikono na vifaa sina lawama hata kidogo. Mkunga alinawa na kuvaa glavu mpya kila aliponipima, na mkasi wa kukatia kitovu ulitoka kwenye kifurushi kilichofunguliwa mbele yangu. Vifaa vilivyotumika aliviloweka katika dawa ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuoshwa. Kondo la nyuma alilikagua kama limetoka zima, akalitia kwenye ndoo yenye mfuko mwekundu.

Kasoro kubwa ni njia ya hiyo ndoo. Chumba cha uchafu kiko mwisho wa ujia, kupita mapokezi na mlango wa wodi, na shuka safi huletwa kwa njia hiyohiyo. Ndoo ilipita bila kifuniko, ikaacha matone sakafuni, na yule dada wa usafi akayafuta kwa mopu ambayo baadaye aliingia nayo wodini. Wakati huohuo, chumba cha kujifungulia kina mlango wa nyuma unaotokea uani, ila umezibwa kwa makatoni. Ukifunguliwa, uchafu utapata njia yake.

Wodini mtoto aliwekwa kifuani pangu, na mkunga alikuja kila dakika 15 kulishika tumbo na kuangalia damu. Maji yalikuwepo, lakini choo kimoja cha vitanda sita hakikuwa na komeo. Nilibadilisha pedi huku nimezuia mlango kwa mguu. Nilimweleza sista mkuu yote haya. Kesho yake nikiruhusiwa, komeo lilikuwa limeshatiwa. Makatoni yalikuwa bado pale pale.