Matangazo ya redio wiki 4, Lubumbashi: karibu niyakate juu ya hesabu mubaya

Tunauza pano ndogo za jua na batri zake, duka kubwa iko hapa Lubumbashi na ingine ndogo Kolwezi. Tulilipa dola 480 redio moja ya FM ya hapa mjini itupitishie spoti ya tangazo letu wiki 4, wakati huo Facebook na Google tuliziacha zikitembea vile vile kama kawaida, hatukuongeza hata franka.

Wiki ya nne kijana anayetuangalilia matangazo ya mtandao ananiambia tukate redio, pesa iende yote Google. Sababu yake: kila kliyenti tulimuuliza ametusikia wapi, ku mwezi mzima waliosema redio walifika 9 tu, lakini komande za Google zilikuwa zinapanda kila siku. Faida yetu ku pano moja ni dola 12, basi 9 mara 12 ni 108, ukitoa 480 ni hasara. Kwa macho hayo alikuwa na haki.

Kilichonisimamisha ni herufi. Jina la duka letu linaanza na "ch", na ku Facebook mtu analiona limeandikwa, akilitafuta analiandika sawa. Nilifungua Search Console ya Google nikaangalia watu wanaandika nini mbele ya kutufikia, nikakuta jina letu limeanza kuja na "tsh", wengine "c" peke yake, wengine wamekata silabi ya mwisho. Huyo ni mtu aliyesikia kwa masikio, hakuliona popote! Mbele ya redio makosa hayo yalikuwa 3 au 4 kwa wiki, sasa yalikuwa yanapita 30. Mama anasikia spoti asubuhi anapika, mangaribi delestaji inapiga njo anakumbuka, anachukua simu anaandika jina vile alilisikia, anabonyeza tangazo letu la juu, na Google inajiandikia kliyenti. Redio ilipika, Google ikapakua. Ukimuuliza huyo mama anakwambia "nimewaona ku Google" na hasemi uongo.

Na mashini zenyewe usizijumlishe. Wiki moja komande za mtandao zilikuwa 38, Google inadai 29, Facebook inadai 21, jumla 50, sasa zile 12 zimetoka wapi? Ni kliyenti mmoja anahesabiwa pande mbili, maana Facebook isipobadilishwa inajihesabia mtu aliyebonyeza ndani ya siku 7 na hata aliyeona tu tangazo siku moja mbele ya kununua.

Kwa hiyo niliacha kuuliza nani alimugusa kliyenti mwisho, nikauliza bila redio tungeuza ngapi. Hapo Kolwezi ilinisaidia sana, juu ile FM haifiki kule lakini Facebook na Google zilikuwa sawasawa miji yote mbili. Wiki 4 za mbele ya redio, Lubumbashi iliuza 50 kwa wiki, Kolwezi 20. Wakati wa redio Lubumbashi ikafika 71, Kolwezi 22. Kolwezi imepanda asilimia 10 bila redio, basi na Lubumbashi ingepanda hivyo hivyo peke yake mpaka 55. Kinachobaki, 16 kwa wiki, hiyo njo naipa redio: wiki 4 ni pano 64, mara 12 ni dola 768, toa 480, inabaki 288. Pesa ile ile tulitaka kuiita hasara.

Hii njia iko na mahali inateleza, nawaambia wazi. Mara ya kwanza tuliijaribu ikaharibika, kabine ya umeme iliungua hapa Lubumbashi upande wa Katuba, watu wakakaa giza siku kadhaa, mauzo yakaruka na redio haikuhusika kabisa, tukatupa hesabu yote tukaanza upya. Na usifunge hesabu siku spoti inaisha, sisi yale majina ya "tsh" yaliendelea kuja karibu wiki 3 yakipungua pole pole. Halafu pano 16 kwa wiki ni kidogo, mara moja inaweza kuwa bahati, njo maana mwezi ujao tunazima redio tuone kama kupanda kwa Lubumbashi kunarudi karibu na kwa Kolwezi.

Kitu ingine, tulizima wiki moja tangazo la Google la jina letu wenyewe, na karibu watu wote wakaingia kupitia jibu la bure lililo chini yake. Basi sifa nyingi za lile tangazo hazikuwa zake.

Redio yenyewe naipa 4 juu ya 5. Waliahidi spoti 6 kwa siku, nilikaa na kalamu siku 2 nikahesabu 4 kwa siku, nilipopiga simu wakaongeza siku 3 bure, lakini ilibidi nipige. Mtangazaji anataja jina letu pole pole, mara mbili, na tangu juzi nimemuomba alitaje na herufi zake.